Kivuli cha Mchana Kinaelekea Wapi?

Mpe mtoto wa darasa la kwanza karatasi, mwambie achore jua, mti na kivuli cha mti. Jua litakaa pembeni juu, mti katikati, na kivuli kitachorwa popote penye nafasi, mara nyingi upande uleule wa jua. Wapo watakaokipa kivuli macho na mdomo. Si kwamba hawana akili. Kwa umri wao kivuli ni kitu kamili, kina mwenyewe, kinamfuata na usiku kinakwenda kulala. Jean Piaget, mwanasaikolojia wa Uswisi aliyekuwa akiwahoji watoto, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1927 kwamba watoto wadogo huamini kivuli hutoka ndani ya mtu au huja kutoka gizani, na huchukua miaka kabla hawajakihusisha na mwanga.

Mwalimu anaweza kusimama ubaoni na kusema kwamba kivuli ni mahali ambapo mwanga haukufika kwa sababu kitu fulani kimeuziba. Ni kweli, na watoto watairudia sentensi hiyo kwa sauti moja bila kuacha kuamini walichokuwa wakiamini. Kinachowabadilisha ni kutabiri mahali kivuli kitakapokuwa, kisha kwenda kuangalia na kukuta wamekosea. Kwa kazi hiyo unahitaji kijiti, uwanja na siku moja ya jua.

Nitachukua mfano wa shule ya Dar es Salaam katikati ya Julai, maana msimu huo wa kipupwe anga huwa jeupe kwa saa nyingi. Tafuta kijiti kilichonyooka, kifukie mpaka kibaki sentimita 50 juu ya ardhi. Mahali pawe tambarare, mbali na miti, kuta na mlingoti wa bendera, na uangalie mbele kidogo: eneo lenye jua saa 2 asubuhi huenda saa 8 mchana likawa limefunikwa na kivuli cha jengo la madarasa. Jambo la pili ni kijiti kusimama wima kabisa, na hapa ndipo wengi wanapoharibu. Kijiti cha sentimita 50 kikiinama kwa nyuzi 5 tu, ncha yake husogea sentimita 4 na ushee. Asubuhi, kivuli kikiwa kirefu, hutaona tofauti kubwa, lakini mchana kivuli cha sentimita 27 kitasomeka 23 au 31 na hesabu yote itakuwa imekwenda mrama. Funga kokoto kwenye uzi, uning'inize kando ya kijiti, na utazame kutoka pande mbili kama fundi mwashi anavyotumia timazi. Watoto wanapenda sana kazi hiyo, na ni vizuri kuwaachia waifanye wenyewe.

Kabla ya kuanza, sheria moja isiyo na mjadala: hakuna kulitazama jua, hata kwa miwani ya giza, hata kwa kuchungulia kati ya vidole. Jua huunguza sehemu ya nyuma ya jicho bila maumivu, na mtoto hujua baadaye. Uzuri wa zoezi hili ni kwamba macho yanakaa ardhini muda wote.

Saa 2 kamili asubuhi, alama ya kwanza. Mtoto mmoja anaweka kizibo cha soda kwenye ncha ya kivuli, mwingine anaandika "2" kwa chaki au kalamu ya wino mzito, na wa tatu ananyoosha uzi kutoka shina la kijiti hadi kwenye kizibo na kuukata. Uzi huo una urefu wa kama mita moja na nusu, mara tatu ya kijiti chenyewe. Hapo hapo ncha ya kivuli italeta ugomvi, kwani haina mwisho ulio wazi. Kuna sehemu nyeusi, kisha ukungu, kisha mwanga. Watoto hawajashindwa kuona. Jua si nukta. Ni duara lenye upana wa nusu nyuzi angani, kwa hiyo kuna sehemu ya ardhi inayoona nusu ya jua na kukosa nusu nyingine. Asubuhi hiyo ya Julai ukungu huo una urefu wa kama sentimita 5. Mchana hupungua hadi chini ya sentimita moja. Amua mapema kwamba alama itawekwa katikati ya ukungu, na iwe hivyo siku nzima.

Baada ya alama ya kwanza mwalimu asitoe maelezo yoyote. Aulize: kengele ijayo ikilia, kivuli kitakuwa wapi? Kila mtoto achukue kokoto yake, aiweke chini mahali anapodhani. Makokoto yatatawanyika pande zote. Wako watakaoweka palepale penye kizibo, kwa sababu kijiti hakijahama. Wako watakaoweka mbali zaidi, kwa hoja kwamba jua likizidi kuwa kali kivuli nacho kitakua. Hoja hiyo ina mantiki yake, na ndiyo inayostahili kupimwa kuliko zote.

Saa 3 wanarudi. Kivuli kimefupika hadi sentimita 82, na kimehama kuelekea kushoto kwa mtu aliyesimama nyuma ya kijiti akikitazama kivuli. Saa 4, wakati wa uji, ni sentimita 52. Saa 5 ni 36. Saa 6 ni 28. Saa 7 ni 28 tena, saa 8 ni 36, na saa 9 ni 53. Namba hizi ni za kijiti kilichosimama sawasawa kwenye ardhi tambarare. Za darasa lako zikitofautiana kwa sentimita mbili tatu, hakuna ubaya. Zikitofautiana kwa kumi, kaguzeni kijiti. Dalili rahisi ya kijiti kilichoinama ni kwamba nyuzi za asubuhi na za alasiri hazilingani kwa jozi: ya saa 5 ilingane na ya saa 8, ya saa 4 na ya saa 9. Dalili nyingine ni mpira uliotulia kando ya kijiti baada ya mapumziko, na ushauri wangu ni kumweka mlinzi.

Watoto wa darasa la kwanza hawahitaji namba hizo. Wana nyuzi. Funga kamba darasani, zining'inize nyuzi zote kwa kufuatana, kila moja na karatasi ya saa yake. Kinachoonekana ukutani ni umbo linaloshuka ghafla, linatulia, kisha linaanza tena kupanda, na mtoto ambaye hajajua kutoa 36 kutoka 52 anaona vizuri kabisa kilichotokea.

Na kuna kitu kwenye umbo hilo ambacho hata watu wazima hukipita. Kati ya saa 2 na saa 3 kivuli kimepoteza kama sentimita 70. Kati ya saa 5 na saa 6 kimepoteza 8 tu. Mtu atadhani asubuhi jua linakimbia na mchana linapumzika. La hasha. Dunia inajizungusha kwa mwendo uleule usiku na mchana, nyuzi 15 kila saa, na ndiyo maana jua linaonekana kusogea angani kwa mwendo ulio sawa. Tofauti inatokana na mlalo wa mwanga. Jua likiwa chini, miale inapita karibu na ardhi kwa ulalo, na kupanda kwake kidogo tu kunavuta ncha ya kivuli kwa hatua nzima. Jua likiwa juu, miale inashuka karibu wima, na kupanda kidogo hakubadilishi kitu. Darasani unaweza kulionyesha hili kwa tochi na penseli iliyosimikwa kwenye donge la udongo: inua tochi taratibu kutoka usawa wa meza, na waache watoto waone kivuli kinavyojikusanya haraka mwanzoni na polepole mwishoni. Wakishaona, wape tochi. Wale waliosema mwanga mkali huzaa kivuli kirefu watagundua wenyewe kwamba tochi haikuongezwa nguvu, imeinuliwa tu.

Saa 4 inastahili dakika za ziada. Dakika chache baada ya saa 4, siku hiyo ya Julai, kivuli cha kijiti kinakuwa sentimita 50 barabara, sawa na kijiti chenyewe. Kwa dakika hizo kila kitu uwanjani kina kivuli kinacholingana na urefu wake. Mtoto wa mita moja na sentimita 20 ana kivuli cha mita moja na sentimita 20. Mwenzake akichora mstari kwa chaki penye kichwa cha kivuli, mwenye kivuli anaweza kulala juu yake na kuona kwamba wamelingana. Mlingoti wa bendera, ambao hakuna wa kuupanda, unapimika ardhini kwa kamba. Walimu wakikimbilia chai wakati huo, watakuwa wamekosa sehemu tamu kuliko zote.

Sasa tugeukie upande kivuli kinakoelekea, maana ndipo vitabu vingi vinapotupoteza. Vitabu vya watoto vilivyoandikwa Ulaya husema kwamba mchana kivuli huelekea kaskazini, na kwamba kwa siku nzima huzunguka kijiti kwa kufuata mishale ya saa. Kwa mtoto wa London ni kweli mwaka mzima. Kwa mtoto wa Cape Town ni kinyume chake mwaka mzima. Sisi tulio karibu na ikweta hatumo kwenye kundi lolote kati ya hayo mawili. Vizibo vya Julai pale Dar es Salaam vinaanzia magharibi, kidogo kusini; vinapita kusini kabisa mchana; vinamalizikia kusini mashariki. Huo ni mzunguko wa kinyume cha saa. Rudia zoezi Januari kwenye kijiti kilekile na vizibo vitaanzia magharibi, vitapitia kaskazini na kumalizikia mashariki, mzunguko wa kufuata saa. Sababu ni kwamba Juni na Julai njia ya jua iko kaskazini yetu, Desemba na Januari iko kusini yetu, na kivuli siku zote hukaa upande wa pili.

Mwalimu asiyejua jambo hili hujikuta kwenye hali ngumu. Kitabu kinasema kaskazini, vizibo vinasema kusini, na darasa zima linamtazama. Nimewahi kusikia mwalimu akiwaambia wanafunzi kwamba bila shaka wamepima vibaya. Hawakupima vibaya. Kati ya kitabu na ardhi, hapa ardhi ndiyo yenye haki.

Saa ya ukutani nayo ina mushkeli wake. Tazama tena nyuzi: ya saa 6 na ya saa 7 zina urefu mmoja. Maana yake kivuli kifupi kuliko vyote kilikuwa katikati yao, karibu saa 6 na nusu. Watoto huambiwa kwamba saa 6 mchana jua liko juu kabisa, na kijiti kinakataa. Kisa ni kwamba saa za Afrika Mashariki zimepangwa kwa kufuata mstari wa nyuzi 45 mashariki, mstari unaopita karibu na Mogadishu. Jua hufika kileleni kule kwanza, kisha Dar es Salaam dakika 23 baadaye, Nairobi dakika 33, Mwanza dakika 48, na Kigoma saa nzima na dakika moja hivi. Juu ya hapo kuna mabadiliko madogo ya kila mwezi, kwa sababu Dunia haizunguki jua kwa mwendo mmoja mwaka mzima na mhimili wake umeinama. Katikati ya Julai mabadiliko hayo huongeza dakika 6, na ndiyo maana Dar es Salaam inapata mchana wake halisi kama saa 6 na dakika 29. Kigoma siku hiyohiyo watausubiri hadi saa 7 na dakika 7 au 8. Kwa hiyo anayetaka kuona kivuli kifupi aweke alama kila baada ya dakika kumi kuanzia saa 6 hadi saa 7, na magharibi mwa nchi aendelee hadi saa 7 na nusu.

Hili halitakuwa geni kwa watoto wa pwani wanaosoma madrasa. Wakati wa adhuhuri huingia jua likishapita kilele chake, yaani kivuli kikishamaliza kufupika na kuanza kurefuka. Alasiri, kwa madhehebu ya Shafii yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani yetu, huingia pale kivuli cha kitu kinapofikia urefu wa kitu hicho ukijumlisha na kivuli kilichobaki wakati wa kilele. Kwa kijiti chetu cha Julai ni 50 na 27, sentimita 77. Kivuli hufika hapo kama saa 9 na dakika 50, na ukiangalia ratiba ya msikitini ya siku hizo utakuta muda huohuo, tofauti ya dakika moja mbili. Ratiba hiyo imetokana na hesabu ileile ambayo zamani muadhini aliisoma kwa fimbo ardhini.

Ugumu mmoja wa kweli ni kwamba mahali pengi darasa la kwanza na la pili huenda nyumbani kabla ya mchana. Nusu ya hadithi inawapita. Dawa ni kuwakabidhi vizibo darasa la tano au la sita, waendelee kuweka alama na kukata nyuzi, na asubuhi ya pili wadogo wakute vizibo vipya. Kabla ya kuondoka waache makokoto yao ya utabiri. Mara nyingi utakuta wengi wametabiri kwamba kivuli kitarudi palepale kilipotoka asubuhi, upande wa magharibi, kwa kuwa wamekwisha kukubali kwamba kitarefuka tena lakini hawajahusisha upande wake na jua lililovuka. Kukuta vizibo mashariki ni somo jipya kabisa.

Mawingu nayo yasiwe sababu ya kuahirisha. Wingu likipita saa 5, andika "wingu" kwenye karatasi na uache nafasi tupu kwenye kamba. Watoto waulizwe uzi uliokosekana ungekuwa na urefu gani. Wakiangalia wa saa 4 na wa saa 6, na hasa ule wa saa 8, watakisia vizuri ajabu. Na wingu zito lenyewe lina la kufundisha: mwanga upo, kila kitu kinaonekana, lakini kivuli hakipo, kwa kuwa mwanga unakuja kutoka kila upande wa anga.

Zipo pia siku mbili kwa mwaka ambazo kijiti hakitakuwa na kivuli kabisa. Jua linapohama kati ya kaskazini na kusini, hupita juu ya utosi wetu mara mbili, na tarehe hutegemea mji. Dar es Salaam ni karibu tarehe 3 au 4 Machi na tarehe 10 Oktoba. Dodoma ni karibu tarehe 5 Machi na 8 Oktoba. Mombasa ni karibu tarehe 10 Machi na 3 Oktoba. Mwanza, 14 Machi na 29 Septemba. Nairobi, 17 Machi na 26 Septemba. Siku moja kabla au baada bado utaona kivuli cha milimita chache tu, kwa hiyo usihangaike ikiwa tarehe imeangukia Jumapili. Siku hiyo badala ya kijiti tumia ndoo au kopo lililofunguka pande zote mbili: kwa dakika chache mwanga unapita moja kwa moja hadi chini, na kivuli chote kimejificha chini ya kuta zake. Pale Dar es Salaam mwezi Machi hutokea kama saa 6 na dakika 35, Oktoba kama saa 6 na dakika 10.

Mji wa Ulaya hauna siku hiyo hata moja, na hauwezi kuwa nayo, maana jua halifiki utosini popote kaskazini ya nyuzi 23 na nusu wala kusini yake. Ni zoezi ambalo shule zetu zinaweza kulifanya na za kule haziwezi, lakini sijui ni wangapi kati ya walimu wanaolifanya.

Ukimaliza Julai, usiache shimo lizibe. Fukia kopo tupu mahali kijiti kilipokuwa, na chora kwenye ukurasa wa nyuma wa daftari ramani ya vizibo pamoja na alama ya kaskazini. Shule zikifunguliwa Januari, darasa lilelile lichomeke kijiti kilekile cha sentimita 50 na wapewe makokoto watabiri. Katikati ya Januari, kama saa 6 na dakika 32, kivuli cha Dar es Salaam kitakuwa sentimita 13, na kitaelekea kaskazini.